Kebo inayolia vizuri kwenye mita, huku ina shoti

Kijana ninayefanya naye kazi ya kukodisha vyombo vya muziki hapa Mtwara aliunga kebo ya maiki ya mita 20 kwa mkono wake, akaipima, akaiweka kwenye begi tayari kwa harusi ya Jumamosi kule Mikindani. Ukumbini maiki ya mshereheshaji ilisikika, tena kwa sauti ya kutosha, lakini chini ya sauti kulikuwa na mvumo usioisha. Tulihamisha tundu kwenye miksa, tukabadili maiki, tukahamisha umeme wa miksa kwenye soketi nyingine. Mvumo ulibaki palepale. Nilipogusia kebo, kijana akajibu kwa uhakika: "Kaka, ile nimeipima mwenyewe. Pini zote tatu zinalia."

Alikuwa anasema kweli. Pini zote tatu zilikuwa zinalia, na kebo ilikuwa na shoti. Nataka kueleza jinsi mambo hayo mawili yanavyoweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, kwa sababu mafundi wengi huku kwetu hupima kebo kwa njia ya kijana huyu: ncha moja ya mita ya kupimia umeme huku, ncha nyingine kule, mita ikilia kazi imekwisha.

Tuanze na kebo yenyewe. Kebo ya maiki yenye jeki za XLR ina pini tatu kila upande. Jeki jike huingia kwenye maiki, jeki dume huingia kwenye miksa. Pini ya 1 hubeba neti, yaani zile nyuzi za shaba zinazozunguka ndani ya ganda la kebo. Pini ya 2 na pini ya 3 hubeba nyaya mbili nyembamba zilizo katikati ya neti, ambazo mara nyingi moja ni nyekundu na nyingine nyeupe au nyeusi. Sauti ya maiki husafiri kwenye nyaya hizo mbili, moja ikipanda wakati nyingine inashuka. Miksa hutazama tofauti kati yake. Uchafu wa umeme kutoka nje, kwa mfano ule wa ekstensheni ya taa iliyolala sambamba na kebo, huingia kwenye nyaya zote mbili kwa kiasi karibu sawa, kwa hiyo miksa inapotoa moja kwenye nyingine uchafu huo unafutika na sauti inabaki.

Sasa fikiria pini ya 3 imegusana na pini ya 1. Maiki ya kawaida ya kuimbia, ile isiyohitaji umeme, ndani yake ina koili ambayo haijaungwa na neti upande wowote. Ukiunga mguu wake mmoja na neti, koili inaendelea kutoa sauti yake ileile kati ya pini ya 2 na ya 3. Ndiyo maana mshereheshaji alisikika vizuri. Kilichovunjika ni ule usawa wa nyaya mbili. Waya mmoja umefungwa kwenye neti, mwingine uko huru, uchafu hauingii tena kwa kiasi sawa, na mvumo wa umeme wa mzunguko wa 50 kwa sekunde unapita. Kama shoti ingekuwa kati ya pini ya 2 na ya 3, maiki ingekuwa kimya kabisa na tungeijua kebo mbovu ndani ya dakika moja. Shoti na neti ndiyo inayojificha, kwa sababu kazi inaonekana inaendelea.

Turudi kwenye kipimo cha kijana. Alipoweka ncha moja kwenye pini ya 1 ya jike na nyingine kwenye pini ya 1 ya dume, umeme wa mita ulipita kwenye neti, mita ikalia. Alipofanya hivyo kwa pini ya 2, ikalia. Kwa pini ya 3, ikalia. Shoti iliyopo kati ya 1 na 3 haizuii hata kimoja katika vipimo hivyo, kwa sababu kila waya bado ni mzima kutoka mwanzo hadi mwisho. Kipimo cha namna hiyo kinauliza swali moja tu: je, waya umekatika? Hakiulizi kama waya unagusa kitu usichopaswa kukigusa. Shoti hujulikana pale unapogusa sehemu mbili zinazopaswa kunyamaza, halafu mita ikalia.

Vipimo sita, halafu maganda

Kabla ya chochote, chomoa kebo pande zote mbili. Usipime kebo ikiwa bado kwenye miksa, hata kama miksa imezimwa. Ndani ya miksa kuna rezista zinazounganisha pini ya 2 na ya 3 na njia ya ule umeme wa volti 48 wa maiki za kondensa, na mita itazisoma kana kwamba ni sehemu ya kebo. Kama maiki ndiyo imebaki upande wa pili, utaona mamia kadhaa ya omu kati ya pini ya 2 na ya 3, au pungufu ya hapo, nayo ni koili ya maiki. Nimeshaona mtu akianza kukata kebo nzima kwa sababu ya kusoma koili ya maiki.

Lete jeki zote mbili mezani pamoja, kebo ikiwa imekunjwa duara. Weka mita kwenye alama ya mlio. Gusanisha ncha zake mbili kwanza, usikie kama inalia; ncha za mita za bei ndogo hukatika kwa ndani karibu na mpini, na mita isiyolia kwa sababu ya waya wake yenyewe itakudanganya mchana kutwa. Kama mita yako haina mlio, tumia omu 200. Palipo wazi itaandika `OL`, au `1` peke yake upande wa kushoto wa kioo.

Sasa pima 1 kwa 1, 2 kwa 2, 3 kwa 3. Zote tatu zilie. Ukishapata hizo, hamia upande mmoja tu, tuseme kwenye jeki jike, ukiacha dume likae huru. Pima 1 na 2, kisha 1 na 3, kisha 2 na 3. Zote tatu zinyamaze. Kwa kuwa umeshathibitisha kwamba kila waya unafika upande wa pili, vipimo hivi vitatu vya upande mmoja vinakamata shoti iliyoko popote ndani ya kebo, hata iliyoko kwenye jeki la mbali. Lakini utaratibu huo una sharti. Waya ukiwa umekatika katikati, shoti iliyo ng'ambo ya mkato haionekani kutoka huku. Ndiyo maana naanza na vile vinavyopaswa kulia.

Baada ya hapo kuna maganda ya chuma. Gusa ganda la jeki dhidi ya pini ya 2, kisha ya 3, na ufanye hivyo kwa jeki zote mbili. Panapaswa kuwa kimya. Ganda na pini ya 1 ni suala jingine. Jeki nyingi zina kidole cha nne cha kulehemu kinachokwenda kwenye ganda, na kuna mafundi wanaokiunga na pini ya 1 kwa makusudi. Mimi sikiungi kwenye kebo za maiki, kwa sababu jeki mbili za kebo tofauti zikigusana sakafuni zinakuwa zimeunganisha neti za kebo hizo pasipo mimi kutaka. Ukikuta mlio hapo, usiite shoti kabla hujafungua kuangalia.

Kijana alipofanya vipimo vya upande mmoja, 1 na 2 pakanyamaza, 2 na 3 pakanyamaza, 1 na 3 pakalia. Alinitazama bila kusema neno.

Shoti iko upande gani

Mlio umesema kuna shoti, lakini kebo ni ya mita 20 na ina jeki mbili. Wengi hapa hufungua jeki zote mbili na kuanza kulehemu upya. Mita ikihamishiwa kwenye omu 200 inaweza kukuonyesha upande.

Kwanza gusanisha ncha uone mita inasoma nini ikiwa tupu. Yangu ilisoma 0.3. Hiyo ni nyaya za mita yenyewe, na lazima uiondoe kwenye kila namba inayofuata. Kisha pima kati ya pini ya 1 na ya 3 kwenye jike, halafu kati ya pini hizohizo kwenye dume. Jike lilisoma 0.4. Dume lilisoma 2.5. Ukiondoa 0.3, umebaki na 0.1 kwa jike na 2.2 kwa dume.

Waya mwembamba wa kebo ya aina hii, wenye shaba ya kama milimita za mraba 0.22, una ukinzani wa takriban omu 0.08 kwa kila mita. Neti ina shaba nyingi zaidi, kwa hiyo ukinzani wake ni mdogo. Kwenye kebo hii ilikuwa kama 0.03 kwa mita. Umeme wa mita ukiingia dume kwa pini ya 1, ukapita neti yote hadi mwisho, ukavuka kwenye shoti na kurudi kwa waya wa pini ya 3, unakuwa umesafiri mita 20 kwenda na mita 20 kurudi: 0.6 jumlisha 1.6, yaani 2.2. Namba ya upande wa dume inasema safari ni ya kebo nzima. Namba ya upande wa jike inasema hakuna safari kabisa. Shoti iko ndani ya jeki jike, na dume hatukuligusa.

Hapo tukakutana na jambo ambalo limewapotezea wengi muda. Kijana alifungua jeki jike, akatoa ganda, akapima tena 1 na 3. Kimya. Alitaka kulifunga akidhani tatizo limeondoka lenyewe. Nikamwambia arudishe ganda, akaze, apime. Ikalia. Kwa tochi ya simu tukaona unywele mmoja wa neti uliokuwa haukusokotwa pamoja na wenzake kabla ya kulehemu. Jeki likiwa wazi, unywele ule ulisimama hewani. Kile kibano cha plastiki kinachobana kebo kwa nyuma kilipoingia, kiliusukuma ukalala juu ya kikombe cha pini ya 3, yaani pale waya unapolehemiwa. Ndiyo sababu kipimo cha mwisho hufanywa jeki likiwa limefungwa na kukazwa kabisa, huku unapinda kebo taratibu karibu na shingo ya jeki, kushoto na kulia. Funga ncha za mita kwa vibanio vidogo ili mikono iwe huru, na usikilize mlio badala ya kutazama kioo. Namba za kioo hubadilika mara mbili tatu kwa sekunde, na mguso wa kufumba na kufumbua unaweza kupita kabla kioo hakijabadilika.

Shoti ikiwa katikati, kwa mfano pale gari lilipopita juu ya kebo au mguu wa meza ulipokaa, hesabu ni hiyohiyo. Tuseme baada ya kuondoa 0.3 upande mmoja unasoma 0.9 na mwingine 1.3. Jumla ni 2.2, na 0.9 ni kama sehemu nne kati ya kumi za hiyo. Sehemu nne kati ya kumi za mita 20 ni mita 8, zikihesabiwa kutoka upande uliosoma 0.9. Mita ya kawaida haisomi chini ya 0.1, nayo hapa ni sawa na karibu mita moja ya kebo, kwa hiyo papasa mita moja kabla na mita moja baada ukitafuta palipobonyea. Na kama jumla inazidi 2.2, ujue mguso wenyewe una ukinzani. Igawe ile ziada nusu kwa nusu, uondoe nusu kila upande, ndipo upige hesabu.

Pini zilizobadilishana

Kosa jingine la kebo za mkono ni kubadilisha pini, na lina sababu yake. Ukilitazama jeki kwa mbele na ukalitazama kwa nyuma, pale unapolehemu, mpangilio umegeuka kama kwenye kioo cha kujitazamia. Pini ya 1 na ya 2 zinabadilishana upande, ya 3 inabaki katikati. Anayelehemu kwa kukumbuka "neti ni ya kushoto" anaweka neti kwenye pini ya 2. Namba zimechorwa kwenye plastiki kando ya kila pini, mbele na nyuma, ingawa ni ndogo mno. Zisome kwa tochi, usikariri upande.

Kosa hilo likifanyika kwenye jeki moja, mita inalionyesha mara moja: 1 kwa 1 kimya, 2 kwa 2 kimya, 3 kwa 3 inalia. Likifanyika kwenye jeki zote mbili, vipimo vyote sita vinakuja safi. Pini ya 1 inafika kwenye ya 1, ya 2 kwenye ya 2, hakuna shoti popote. Lakini neti iko kwenye pini ya 2, inabeba sauti, na kazi ya kukinga inafanywa na waya mwembamba usioweza kukinga chochote. Mvumo wake ni mkubwa kuliko ule wa Mikindani.

Hata hivyo omu zinalifichua. Kwenye kebo yetu ya mita 20, iliyoungwa sawasawa, pini ya 1 husoma 0.9 na pini za 2 na 3 husoma 1.9 kila moja, ikiwa ni pamoja na ile 0.3 ya mita. Neti lazima iwe ndiyo yenye namba ndogo. Ukiona pini ya 2 ndiyo ndogo na pini ya 1 imelingana na ya 3, fungua jeki. Kwa kebo fupi ya mita mbili au tatu tofauti hii inamezwa na udogo wake, na hapo hakuna njia ila kufungua na kutazama kwa macho.

Mlio usiouamini

Mlio wa mita haumaanishi sifuri. Mita nyingi hulia kwa chochote kilicho chini ya omu 30 hadi 50, na zipo zinazolia hata juu ya hapo. Huku pwani hilo lina uzito wake. Kebo iliyokaa msimu mzima wa sherehe baada ya mauzo ya korosho, ikilala uwanjani usiku kwenye umande na upepo wa bahari, huota ukungu wa kijani kwenye shaba chini ya ganda. Lehemu iliyowekwa juu ya shaba ya namna hiyo hushika nusunusu. Mita inalia, lakini kwenye omu unaona 12 mahali palipopaswa kuwa 1.9, na ukitikisa inakuwa 7, kisha 20. Namba inayocheza ni kiungo kibovu, hata kama mlio haukatiki. Kata kebo sentimita kadhaa nyuma hadi ufikie shaba inayong'aa, ndipo ulehemu. Kuongeza lehemu juu ya ukijani hakusaidii.

Kinyume chake pia kipo: uvujaji usiofikia kulia. Chumvi na mabaki ya dawa ya kulehemu kati ya vikombe viwili vinaweza kupitisha umeme kidogo. Weka mita kwenye mega-omu 2 au 20, upime 1 na 2, 1 na 3, 2 na 3. Panapaswa kubaki wazi. Ukipata kilo-omu mia kadhaa, kwanza angalia vidole vyako. Ukishika ncha zote mbili za chuma kwa mikono, mwili wako ndio unaopimwa, na jasho la Mtwara linatosha kukupa namba kama hiyo. Tumia vibanio, uachie mikono, usome tena. Namba ikibaki, safisha jeki kwa spiriti na mswaki, liache likauke juani, upime upya.

Lipo jambo ambalo mita haiwezi kuliona kabisa. Inapima kwa mkondo mdogo sana, na waya uliobakiwa na unywele mmoja kati ya ishirini na kitu unaupitisha mkondo huo bila shida. Ukinzani wa unywele mmoja kwa urefu wa milimita mbili hauonekani kwenye kioo. Kebo hiyo itafaulu vipimo vyote leo na kukatika wiki ijayo mtu akiivuta. Kwa hiyo kabla ya kufunga ganda navuta kila waya kwa koleo ndogo, kwa nguvu ya kuvutia kamba ya kiatu, na natazama kama kisu cha kuchunia kimekata nyuzi pale plastiki inapoishia.

Kebo ya Mikindani tuliikata sentimita nne upande wa jike. Kijana alisokota neti yote kabla ya kuipaka lehemu, akavisha kipande cha plastiki juu yake hadi karibu na kikombe, akalehemu, akafunga na kukaza. Kisha akapima: 1.9 kwa pini ya 2, 1.9 kwa pini ya 3, 0.9 kwa pini ya 1. Akahamia upande mmoja, akagusa 1 na 2, 1 na 3, 2 na 3, huku anapinda shingo ya jeki. Mita ikanyamaza mara zote tatu, naye akaenda kuyapima maganda bila kuambiwa.